Kamera haikuona kidonda, mbona tumbo bado linauma?

*Daktari, nina miaka 34, nauza nguo Gikomba. Miaka mitatu sasa natibiwa alsa. Dawa za bakteria nimemeza mara tatu, na omeprazoli karibu kila siku. Kila nikipimwa damu naambiwa bakteria bado yuko. Nikila kidogo tu nashiba, tumbo linajaa, na hapa chembe ya moyo panachoma. Mwezi uliopita nilipigwa kamera, wakasema hakuna kidonda, ni wekundu kidogo tu, na vipande walivyokata havikuonyesha bakteria. Sasa nimepewa amitriptilini, na kwenye kemisti nikaambiwa ni dawa ya watu wenye mfadhaiko. Je, daktari anadhani najifanya? Na alsa yangu imeenda wapi?*

Hapana dada, daktari wako hadhani unajifanya. Angedhani hivyo angekurudisha nyumbani mikono mitupu. Dawa aliyokupa ni ya ugonjwa unaojulikana na wenye jina, dispepsia ya kiutendaji, yaani tumbo ambalo halina kidonda lakini kazi yake imevurugika. Dalili zake zinafanana sana na za alsa, ndiyo maana watu wengi hapa Nairobi huishi nao miaka wakitibiwa kitu kingine. Matibabu ya magonjwa haya mawili ni tofauti kwa sababu kinachouma katika kila mmoja ni tofauti.

Nianze na alsa yenyewe. Kidonda cha tumbo ni kidonda kweli. Utando wa ndani wa tumbo, au wa duodeni, ile sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo, unakuwa umechimbika, na kwa kawaida shimo hilo huwa na upana wa milimita 5 au zaidi. Daktari wa kamera analiona kwa macho na kulipiga picha. Visababishi vyake vikubwa ni viwili. Kimoja ni bakteria aitwaye helikobakta pailori. Kingine ni dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Pilipili haichimbi kidonda, wala kukaa na njaa hakuchimbi, ingawa vyote viwili vinaweza kuliudhi tumbo. Zamani hata madaktari waliamini kwamba vidonda vinaletwa na mawazo mengi na chakula kikali, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipoonyesha kazi ya bakteria huyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe, na baada ya siku chache utando wa tumbo lake ukavimba. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005.

Nikueleze mgonjwa ambaye kweli alikuwa na kidonda, ujipime naye. Ni mwendesha boda boda wa miaka 41. Mgongo ulikuwa unamsumbua, akazoea kununua diklofenaki kila jioni anapofunga kazi. Maumivu yalikuwa yanamwamsha saa nane usiku, akila kitu yanatulia kidogo. Alivumilia hadi asubuhi moja alipoona choo chake ni cheusi, cha kunata kama lami, na akipanda ngazi anahema. Kamera ilionyesha kidonda cha duodeni chenye upana wa karibu sentimita 1, na vipande vilivyokatwa vikaonyesha bakteria.

Angalia jinsi kila hatua ya matibabu yake ilivyokuwa na kitu cha kushika. Diklofenaki ilisimamishwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ilikuwa inadhoofisha kinga ya utando. Bakteria walipigwa kwa siku 14: amoksilini gramu 1 mara mbili kwa siku, klarithromaisini miligramu 500 mara mbili kwa siku, pamoja na omeprazoli asubuhi na jioni. Kisha akaendelea na omeprazoli kwa wiki kadhaa ili asidi ipungue na utando upate nafasi ya kujifunga. Alipomaliza antibayotiki tulisubiri zaidi ya wiki 4, tukamsimamisha omeprazoli kwa wiki 2, ndipo tukapima choo. Bakteria hayuko. Kabla ya kuja kwa tiba ya bakteria, vidonda vya duodeni vilikuwa vinarudi mwaka hadi mwaka kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Bakteria akishaondolewa na dawa za maumivu zikaachwa, ni wachache wanaorudi. Huo ndio mwenendo wa alsa: ina chanzo, chanzo kinaondolewa, shimo linajifunga, habari inaisha.

Yako haikuisha, na hilo lenyewe ni ushahidi. Umesema dalili zako hazijawahi kukoma, kwa hiyo nachukulia kwamba siku ya kamera pia zilikuwepo. Daktari ameangalia mahali penyewe panapokuchoma na hakukuta kidonda. Huenda ungeuliza, kama nilivyoulizwa na wengi, iwapo omeprazoli uliyokuwa unameza iliponya kidonda kabla kamera haijafika. Hilo linawezekana kabisa, omeprazoli huponya vidonda vingi ndani ya wiki 4 hadi 8, na siwezi kuapa kwamba miaka mitatu iliyopita hukuwa na kidonda. Lakini kidonda kilichopona hakichomi. Kama kilikuwepo kikaondoka na kuchoma kukabaki, basi kinachochoma leo ni kingine.

Ule wekundu kidogo usikuondolee usingizi. Wekundu wa utando huandikwa kwenye ripoti nyingi sana, za watu wanaoumwa na za watu wasiohisi lolote, na mara nyingi haulingani na maumivu. Nimeona watu wakikata neno hilo moja kutoka kwenye ripoti na kulitibu kwa miaka. Kwako jambo kubwa zaidi ni lile la vipande: vimeangaliwa kwa darubini na bakteria hakuonekana. Kwa kuwa umekuwa ukimeza omeprazoli, na omeprazoli huwapunguza bakteria hata wasionekane kwa urahisi, ni haki kumwomba daktari kipimo cha choo siku moja ukiwa umeiacha kwa wiki 2. Kikirudi safi, faili ya bakteria ifungwe.

Sasa hicho kipimo cha damu ambacho kila mara kinasema bakteria bado yuko. Hakimtafuti bakteria. Kinatafuta askari ambao mwili ulitengeneza ulipokutana naye, na askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, wakati mwingine miaka, baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo ukipimwa damu baada ya kutibiwa, jibu "yuko" halimaanishi kitu. Kwa maelezo yako, inaelekea duru yako ya pili na ya tatu ya antibayotiki zilitolewa kwa sababu ya jibu la namna hiyo, na hili linaniuma, kwa sababu kila duru isiyo na sababu inamfundisha bakteria mwingine mwilini kustahimili klarithromaisini, na inakuachia kuhara na ladha ya chuma mdomoni bure. Anayetaka kujua kama tiba imefaulu apime choo, au pumzi pale inapopatikana, si damu. Tena, nchini kwetu bakteria huyu anaishi kwenye matumbo ya watu wengi wazima ambao hawatapata kidonda maisha yao yote. Kumkuta ni jambo moja, kuthibitisha kwamba ndiye anayekuumiza ni jambo jingine.

Kwa hiyo ni nini kinachouma? Tumbo lenye afya, chakula kinapoanza kuingia, hulegeza sehemu yake ya juu ili lipokee bila kubana. Kwa wagonjwa wengi wa dispepsia ya kiutendaji sehemu hiyo hailegei vizuri. Chakula kidogo tu kinalikuta tumbo limekaza, shinikizo linapanda, na mtu anashiba kabla sahani haijafika nusu. Hivyo ndivyo ulivyoeleza. Kwa wengine tumbo linachelewa kumwaga chakula kwenda chini. Na kwa wengi, hata wenye tumbo linalolegea sawasawa, neva za hapo zimekuwa kali mno: kutanuka kwa kawaida au tone la asidi la kawaida, ambavyo mimi nisingevihisi, vinafika kwenye ubongo vikiwa maumivu. Ni kama king'ora cha gari kinacholia kila paka akipita juu ya boneti. Mwizi hayuko, lakini kelele ni ya kweli na jirani hawalali. Kwa baadhi ya watu hali hii huanza baada ya kuharisha vibaya au sumu ya chakula, maambukizi yakaondoka na neva zikabaki zimeamka. Kwenye duodeni za baadhi yao darubini huonyesha chembe za kinga zilizozidi kidogo, jambo ambalo kamera haiwezi kuliona.

Wataalamu huita hali hii kwa jina hilo pale dalili zinapokuwa zimeanza angalau miezi 6 iliyopita, zimeendelea kwa miezi 3 ya mwisho, na kamera haikuona cha kuzieleza. Wewe umeshapita vyote hivyo. Dalili pekee haziwezi kutofautisha alsa na hii, hata kwa daktari mzoefu, na ndiyo maana sikubaliani na mtu kuambiwa "hiyo ni alsa" kwa kubonyezwa tumbo tu.

Ukishaona hapo, utaona kwa nini dawa za alsa hazikufika mbali. Antibayotiki zinaua bakteria, na neva kali si bakteria. Kwa mgonjwa wa dispepsia ya kiutendaji aliye na helikobakta tunamtibu mara moja, kwa kuwa wachache hupata nafuu ya kweli, takriban mmoja kati ya watu 14, na nafuu hiyo inaweza kuchukua miezi kuonekana. Ni haki kujaribu mara moja. Omeprazoli nayo husaidia baadhi, hasa wenye kuchoma, kwa hiyo tunaijaribu kwa wiki 4 hadi 8, kidonge kimoja nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Asiyeona tofauti kufikia hapo hana sababu ya kuongezewa dozi.

Na hapa kuna mtego ambao huenda umekunasa. Mtu aliyemeza omeprazoli kwa miezi akiiacha ghafla, tumbo hutoa asidi kuliko kawaida kwa wiki kadhaa. Hili limewapata hata watu wasiokuwa na ugonjwa wowote waliopewa dawa hiyo kwa majaribio. Panachoma, mtu anasema "unaona, alsa imerudi", anakimbilia kemisti, na mzunguko unaanza upya. Ukikubaliana na daktari wako kuiacha, shuka polepole: siku moja unameza, siku moja unaruka, kwa wiki 2 hadi 4, na kuchoma kukija tumia ile jeli nyeupe ya kupunguza asidi hadi kipindi kipite.

Tuje kwenye amitriptilini. Mhudumu wa kemisti hakukudanganya, dawa hii ilianza kama dawa ya mfadhaiko. Lakini kwa mfadhaiko hutolewa miligramu 75 hadi 150. Kwa tumbo tunaanza na miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25 kama ndicho kinachopatikana. Kwa kiwango hicho haibadilishi mawazo yako. Kazi yake ni kupunguza makali ya habari za maumivu zinazosafiri kutoka tumboni kwenda ubongoni, kama tunavyoitumia kwa maumivu ya neva ya miguu kwa wenye kisukari. Mwaka 2015 yalichapishwa majaribio yaliyolinganisha amitriptilini miligramu 50, dawa nyingine ya mfadhaiko iitwayo esitalopramu, na vidonge visivyo na dawa. Waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa asilimia 53 kwa amitriptilini, 38 kwa esitalopramu na 40 kwa vidonge vitupu. Kama siri ingekuwa kutibu mfadhaiko, esitalopramu nayo ingefanya kazi. Haikufanya.

Tazama tena ile 40. Watu 4 kati ya 10 walipata nafuu kwa kidonge kisicho na kitu ndani. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, na tumbo husikia matumaini. Ndiyo maana kila unga wa mitishamba unaouzwa kwenye stendi za matatu una watu wa kuushuhudia, na ndiyo maana jirani yako ataapa kwamba juisi ya kabichi ilimponya. Huenda yeye alipona kweli. Haimaanishi juisi ndiyo iliyofanya kazi.

Meza amitriptilini saa mbili au saa tatu usiku, si asubuhi, kwa sababu inaleta usingizi, na siku za kwanza utaamka mzito na mdomo mkavu. Hayo mara nyingi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Choo kikiwa kigumu ongeza maji na mboga. Usihukumu dawa kwa wiki moja. Daktari anaweza kuipandisha kidogo kidogo kila baada ya wiki 2 hadi 4, na jibu la haki hupatikana baada ya wiki 8 hadi 12. Ikikufaa huwa tunaiendeleza kwa miezi 6 au zaidi, kisha tunaishusha polepole. Mwambie kabla hujaendelea kama una ugonjwa wa moyo, presha ya macho, una mimba au unapanga kupata, na kama unatumia tramadoli au dawa nyingine ya mfadhaiko.

Nina jambo moja la kuongeza kwa hali yako. Katika majaribio hayo walionufaika zaidi ni wale ambao maumivu ndiyo yaliyotawala. Waliokuwa na tumbo linalochelewa kumwaga chakula walinufaika kidogo. Wewe una vyote, kuchoma na kushiba haraka. Kama baada ya wiki 8 kuchoma kumepungua lakini kushiba haraka kumebaki, mwulize daktari kuhusu dawa za kusukuma tumbo kama domperidoni, zinazomezwa nusu saa kabla ya kula. Zina masharti yake, domperidoni kwa wenye matatizo ya mapigo ya moyo, na metoklopramidi isitumiwe kiholela kwa muda mrefu kwa sababu inaweza kukakamaza misuli ya uso na shingo. Usijinunulie.

Chakula kinahusika zaidi kwako kuliko kwa mwendesha boda boda yule, na watu hushangaa wakisikia hivyo. Kidonda chake kingepona hata akila githeri yenye pilipili kila siku, mradi ameze dawa. Tumbo lako linaitikia ujazo na mafuta. Mafuta yakifika duodeni hutoa homoni inayolifunga tumbo lisimwage haraka na kuzifanya neva zake kuwa kali zaidi. Kwa hiyo kabla hujaacha maharagwe, angalia chipsi, chapati zenye mafuta mengi na mandazi ya saa nne. Na naomba uangalie siku yako ya Gikomba. Wauzaji wengi wanaokuja kwangu hunywa chai asubuhi, hawali tena hadi saa mbili usiku, kisha wanakula mlo mmoja mkubwa wa ugali na kulala. Tumbo lisiloweza kulegea ndilo linalopewa mzigo mzima kwa mara moja. Gawa chakula hicho hicho katika sehemu 4 au 5, beba kontena, kula chakula cha kujaza kikombe kimoja cha chai kila baada ya saa 3 hivi. Maziwa hayaponyi kidonda wala hayatakuponya wewe. Hutuliza kwa dakika chache kisha asidi huongezeka. Kama unapenda chai ya maziwa, kunywa, lakini si kama dawa.

Kwa dalili ulizozitaja huhitaji kamera nyingine sasa. Utaihitaji, na upesi, ukianza kupungua uzito bila kutaka, chakula kikianza kukwama kooni au kifuani, ukitapika mara kwa mara, au damu yako ikipungua bila sababu. Saratani ya umio ni ya kawaida hapa kwetu na huwapata hata watu wa umri mdogo, kwa hiyo chakula kukwama hakisubiriwi. Ukitapika damu au ukiona choo cheusi cha kunata kama lami, nenda hospitali yenye idara ya dharura usiku huo huo, Kenyatta au iliyo karibu nawe. Vidonge vya madini ya chuma pia hufanya choo kiwe cheusi, ila hakinati na hakina ile harufu kali.

Kwa kliniki yako ijayo, chukua ripoti ya kamera na ya vipande, pamoja na daftari dogo la wiki 2: ulikula nini na saa ngapi, ulishiba baada ya kijiko cha ngapi, na panapochoma panachoma kabla au baada ya kula. Taja pia kila dawa ya maumivu unayomeza, hata ile ya kichwa au ya siku zako za mwezi, maana ibuprofeni ya siku tatu kila mwezi inaweza kukuletea kidonda kipya kabisa. Kwa maumivu hayo tumia parasetamoli.